Riba ya mkopo ikague kwenye mstari wa pili wa jedwali

Mkataba wa mkopo mdogo hapa Mbeya huja na karatasi zinazotoka sehemu mbili tofauti. Kurasa za mkataba wenyewe, zenye majina, dhamana, wadhamini na kiwango cha riba, hutolewa kwenye faili ambalo lilishaandikwa zamani, na afisa mikopo hujaza nafasi zilizo wazi. Jedwali la marejesho hutoka kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo hufuata jinsi ulivyopangwa kukokotoa aina hiyo ya mkopo. Mkopaji husaini zote kwa pamoja, akaunganishiwa kwa pini moja, akaondoka akiamini kwamba karatasi hizo zinasema jambo moja. Mara nyingi ni kweli. Isipokuwa kweli, anayelipa tofauti ni yeye.

Ninafanya kazi ya kuandaa hesabu za wafanyabiashara wadogo, wengi wao wa Uyole na Mwanjelwa, na mikataba ya namna hii hupita mikononi mwangu kila msimu. Leo nataka kueleza mkopo mmoja tu, kwa ruhusa ya mwenye nao, kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi ya kupima kama riba iliyoandikwa ndiyo inayotozwa. Upimaji wenyewe unahitaji kalkuleta ya simu na daftari.

Mwenye mkopo ni mama anayeuza pembejeo Uyole: mbolea, mbegu za mahindi, dawa za viazi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, alikopa shilingi 6,000,000 ili ajaze duka mbolea ya kupandia wakati bei bado inavumilika. Muda ni miezi 12, rejesho kila tarehe 15. Mkataba uliandika hivi, na ninanukuu kwa sababu kila neno lina uzito: "Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, itakayokokotolewa kwa salio la mkopo linalopungua."

Jedwali lililoambatanishwa lilikuwa na safu tatu tu: namba, tarehe, na kiasi cha rejesho. Mistari 12, kila mmoja shilingi 680,000. Hapakuwa na safu ya riba, ya deni la msingi wala ya salio.

Alikuja kwangu mwezi wa tatu kwa shughuli nyingine kabisa, ya kodi. Katika kupanga karatasi nikaona 680,000 hiyo ikanitia shaka. Nikamuuliza, "Mama, huu mkopo uliambiwa riba ni ngapi?" Akajibu bila kusita, "Tatu, mwanangu. Na nilihakikisha ni ya salio linalopungua, maana ile nyingine nilishaisikia."

Ile nyingine anayoisema ndiyo watu hapa huiita riba ya fleti. Kwenye fleti, riba hupigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Kwenye salio linalopungua, riba hupigwa juu ya kile tu unachodaiwa bado. Zote mbili zinaweza kuandikwa "asilimia 3 kwa mwezi", na cha muhimu ni mkataba umesema ni ipi. Ubaya unaanza pale mkataba unaposema moja na jedwali likafuata nyingine. Ndiyo maana kabla ya hesabu yoyote ninasoma maneno yanayofuata baada ya asilimia. "Ya mkopo wa awali" au "ya kiasi kilichokopwa" maana yake ni fleti, na hapo jedwali la fleti halijakiuka mkataba, ingawa mkopo ni ghali. "Ya salio" maana yake ni nyingine kabisa. Kama hakuna maneno yoyote baada ya asilimia, una mkataba unaoweza kuvutwa upande wowote, na wakati wa kuuliza ni kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo ubishi unakuwa mgumu.

Wa mama ulisema salio. Basi swali likawa jepesi: je, 680,000 kwa miezi 12 inamaliza deni la milioni sita kwa asilimia 3 ya salio, au inamaliza zaidi?

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kulishusha deni lenyewe mwezi kwa mwezi. Unaanza na mkopo. Unaongeza riba ya mwezi. Unatoa rejesho. Kinachobaki ndicho salio la mwezi unaofuata, na unarudia. Kwenye kalkuleta ya simu, kuongeza asilimia 3 ni kuzidisha kwa 1.03, kwa hiyo kila mwezi ni tendo moja: salio mara 1.03, toa 680,000. Kama riba iliyoandikwa ni ya kweli, mwezi wa 12 salio linafika sifuri, au karibu nayo sana.

Tulifanya pamoja, yeye akiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lake la mauzo, mimi nikibonyeza. Mwezi wa kwanza, 6,000,000 mara 1.03 ni 6,180,000, toa 680,000 inabaki 5,500,000. Wa pili, 4,985,000. Wa tatu, 4,454,550. Wa nne, 3,908,187. Tukaendelea: 3,345,432, kisha 2,765,795, kisha 2,168,769. Mwezi wa nane 1,553,832. Wa tisa 920,447. Wa kumi, 268,060.

Hapo akaacha kuandika, akanitazama. Mwezi wa 11 salio la 268,060 likiongezwa riba yake linakuwa 276,102. Hiyo ndiyo ingepaswa kuwa pesa yake ya mwisho. Lakini jedwali lilikuwa bado linamdai 680,000 ya mwezi wa 11 na 680,000 nyingine ya mwezi wa 12. Ukijumlisha, shilingi 1,083,898 zilizomo kwenye jedwali lile hazina deni lolote la kulipa, kama riba kweli ni asilimia 3 ya salio.

Ninaipenda njia hii kwa sababu haihitaji uamini fomula ya mtu. Kila mstari unaweza kuukagua mwenyewe, na hata mtu asiyetaka kusikia habari za hesabu anaelewa kwamba deni limeisha na bado anadaiwa. Hata hivyo haikuambii riba halisi inayotozwa ni ngapi. Kwa hilo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaribu kwa kukisia: badala ya 1.03 weka 1.05, shusha deni tena mpaka mwezi wa 12. Kwa mkopo huu, kwa asilimia 5 unamaliza deni na unabaki na ziada ya kama shilingi 48,500. Ukiweka asilimia 5.1, deni linabaki, kama shilingi 12,400. Kwa hiyo riba halisi iko kati ya hizo mbili, karibu zaidi na 5.1. Ya pili ni kwa mwenye Excel au jedwali lolote la namna hiyo kwenye simu, na jibu linatoka papo hapo:

```
=RATE(12,-680000,6000000)
=PMT(0.03,12,-6000000)
```

Mstari wa kwanza unatoa riba ya mwezi iliyomo ndani ya marejesho: 5.08% ukionyesha desimali mbili. Alama ya kutoa kabla ya 680000 inahitajika, kwa sababu pesa moja inaingia kwako na nyingine inatoka. Ukiisahau fomula inatoa kosa badala ya jibu. Mstari wa pili unageuza swali: kama riba ni asilimia 3 ya salio, rejesho linapaswa kuwa kiasi gani? Jibu ni 602,773. Mkataba wa mama ulikuwa unamaanisha 602,773 kwa mwezi. Jedwali lilimtoza 680,000.

Sasa 680,000 imetoka wapi? Hapa hakuna haja ya kubahatisha. Chukua asilimia 3 ya milioni sita, ni 180,000. Zidisha kwa miezi 12, ni 2,160,000. Jumlisha na mkopo, gawanya kwa 12, unapata 680,000 kamili, bila hata shilingi ya ziada. Ni fleti. Hili nalo ni jambo la kulijaribu mapema ukiona rejesho limekaa namba safi isiyo na makombo: rejesho la salio linalopungua mara chache sana huangukia kwenye namba iliyonyooka isipokuwa mkopeshaji ameizungusha kwa makusudi.

Tukaenda ofisini. Siitaji kampuni kwa jina, na sidhani afisa tuliyemkuta alikuwa na nia mbaya. Alimsalimia mama kwa heshima, akafungua faili, akapiga hesabu mbele yetu. "Mama, angalia. Milioni sita, asilimia tatu, ni laki moja na themanini. Rejesho lako lina laki tano za deni na laki moja na themanini za riba. Ndiyo asilimia tatu yenyewe." Na alikuwa sahihi, kwa mwezi wa kwanza.

Huu ndio mtego ambao nataka kila mkopaji aujue. Mwezi wa kwanza, fleti na salio linalopungua hutoa riba ileile kabisa, kwa sababu salio la mwezi wa kwanza ndiyo mkopo wote. Atakayekuonyesha mstari wa kwanza hajakuonyesha kitu. Tofauti inaanza mstari wa pili. Nilimwomba afisa atuchapie taarifa ya mkopo kutoka kwenye mfumo, ile yenye safu zote, na akakubali. Ikatoka na tarehe, rejesho, deni la msingi, riba, faini na salio. Nikaweka kidole kwenye mstari wa pili. Salio kabla ya rejesho la pili lilikuwa 5,500,000. Asilimia 3 ya hiyo ni 165,000. Taarifa ilionyesha riba 180,000. Mstari wa tatu, 180,000. Wa nne, 180,000.

Riba isiyoshuka wakati salio linashuka haiwezi kuwa riba ya salio linalopungua. Huhitaji fomula kuliona hilo. Na ukitaka kuona ukubwa wake, nenda mstari wa mwisho wa jedwali la fleti: mwezi wa 12 mama angekuwa anadaiwa 500,000 tu za msingi, na bado angetozwa riba ya 180,000 juu yake. Hiyo ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja.

Afisa alikaa kimya, kisha akasema jambo la maana sana. "Mfumo ndio unatoa hivi. Mkopo wa biashara uliwekwa hivyo." Nadhani hapo ndipo chanzo kilipo katika kesi nyingi za namna hii. Kwenye mifumo ya mikopo, kila aina ya mkopo huwekewa njia yake ya kukokotoa riba mara moja, wakati aina hiyo inaanzishwa, na kuna sehemu ya kuchagua fleti au salio linalopungua. Baada ya hapo hakuna anayeigusa. Kampuni ikibadilisha maneno ya mkataba, au ikachukua mkataba wa aina nyingine ya mkopo na kuutumia kwa huu, mfumo haujui. Unaendelea kutoa jedwali lilelile. Afisa wa dirishani anaona jedwali, anaona asilimia 3, na kwake zinapatana.

Lakini chanzo hakibadilishi deni. Mama alisaini maneno, na maneno yalisema salio.

Taarifa ile ilitupa jambo la pili ambalo jedwali la kwanza lisingeweza kutuonyesha. Jedwali ni mpango tu. Linalotumika kweli ni kile kinachoandikwa kwenye akaunti ya mkopo kila unapolipa. Rejesho la mwezi wa kwanza, mama alilituma kwa simu Ijumaa tarehe 15 jioni, na ujumbe wa muamala ulikuwa bado upo kwenye simu yake. Kwenye taarifa lilikuwa limeandikwa Jumatatu tarehe 18, na pembeni yake faini ya 34,000, yaani asilimia 5 ya rejesho. Faini hiyo hakuambiwa. Ilisubiri mpaka alipolipa mwezi wa pili, ikachukuliwa humo kwanza, ikafuata riba, na deni la msingi likapata 466,000 badala ya 500,000. Ndiyo maana baada ya marejesho manne salio kwenye taarifa lilisomeka 4,034,000, wakati kwenye hesabu yetu ya mkataba lilipaswa kuwa 3,908,187.

Ukitaka kukagua sehemu hii, panga risiti au ujumbe wa miamala kwa tarehe, kisha weka kila mmoja ubavuni mwa mstari wake kwenye taarifa. Unatazama mambo mawili tu: tarehe uliyolipa dhidi ya tarehe waliyoandika, na kiasi ulicholipa dhidi ya jumla ya vipande walivyokigawa. Faini iliyopita kimya huonekana hapo, kwa sababu deni la msingi halishuki kwa kiasi kile kilichopangwa. Watu wengi hufuta ujumbe wa miamala ili simu ipate nafasi. Piga picha kwanza, au andika namba ya muamala kwenye daftari.

Lazima niseme pia kwamba si kila tofauti ni kosa, na ukienda ofisini kulalamikia kila shilingi utapoteza nguvu ya lile la msingi. Kuna mikopo inayohesabu riba kwa siku. Mkopo wa milioni sita kwa asilimia 36 kwa mwaka, kipindi cha siku 31 kikigawanywa kwa siku 365, unatoa riba ya 183,452 na siyo 180,000. Tofauti ya shilingi 3,452 hiyo haina ujanja wowote, na utaitambua kwa sababu riba inacheza kufuata urefu wa miezi: kipindi cha siku 28 kinashuka zaidi ya ulivyotarajia, cha siku 31 kinapanda kidogo. Kuna pia marejesho yaliyozungushwa kwenda mia au elfu iliyo karibu. Hiyo utaiona kwenye rejesho la mwisho, ambalo huwa dogo au kubwa kidogo kuliko mengine ili deni liishe sawasawa. Na kama pesa ilitoka tarehe 2 na rejesho la kwanza ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kipindi cha kwanza ni zaidi ya mwezi na riba yake itakuwa kubwa kuliko asilimia 3 ya mkopo. Hayo yote hutoa tofauti zinazopanda na kushuka, au ya mara moja tu mwanzoni au mwishoni. Fleti iliyovaa jina la salio hutoa tofauti inayokua kila mwezi upande mmoja tu: 15,000 mwezi wa pili, zaidi ya hapo mwezi wa tatu, na kuendelea hadi mwisho.

Ada nazo zinawachanganya watu. Mama alikatwa asilimia 2 ya kushughulikia mkopo na asilimia 1 ya bima siku ya kupokea, jumla 180,000, kwa hiyo mkononi alipata 5,820,000. Aliuliza kama huo nao ni wizi wa riba. Mkataba ulizitaja ada hizo kwa namba, akasaini, kwa hiyo hazimo kwenye ugomvi wa riba. Ndiyo maana kwenye kushusha deni tulianza na 6,000,000, siyo 5,820,000. Ukianza na pesa uliyopokea mkononi, unapima kitu kingine, yaani gharama yote ya mkopo. Kwa huu, fomula ileile yenye 5820000 inatoa karibu asilimia 5.6 kwa mwezi. Ni namba nzuri ya kuitumia unapolinganisha wakopeshaji wawili kabla ya kuchagua. Lakini ukienda nayo ofisini kudai kwamba mkataba umevunjwa, afisa atakuonyesha kifungu cha ada na hoja yako yote itaonekana imeanguka, hata ile sehemu ya kweli. Zitenge.

Kwa wakulima wa viazi wa kule Uporoto, au wa Njombe, ambao hukopa na kulipa mara moja baada ya kuvuna, swali linabadilika. Mkopo usio na rejesho la katikati hauna salio linalopungua, kwa hiyo fleti na salio hutoa jibu moja. Cha kukagua hapo ni kama riba inazaa riba. Milioni mbili kwa asilimia 3 kwa miezi mitano ni riba ya 300,000 ikiwa riba inahesabiwa juu ya mkopo tu. Ikiwa kila mwezi riba inaongezwa kwenye deni na kutozwa tena, inakuwa 318,548. Tafuta mkataba unasema ipi, kisha angalia umedaiwa ipi.

Turudi kwa mama. Tulipotoka ofisini niliandika barua ya ukurasa mmoja, naye akasaini. Ilikuwa na mambo manne tu: kifungu cha mkataba kinachosema salio linalopungua, kwa maneno yake yenyewe; mstari wa pili wa taarifa yao, salio 5,500,000 na riba 180,000, pamoja na 165,000 iliyopaswa kuwa pale; salio sahihi baada ya marejesho manne, 3,908,187, na ukurasa wa hesabu ukiambatanishwa; na ombi la jedwali jipya pamoja na kufutwa kwa faini, nakala ya ujumbe wa muamala ikiwa imeunganishwa. Hakuna neno la kumtuhumu mtu. Tulipeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, tukarudi nayo. Muhuri huo ndio utakaouhitaji kama jambo litalazimika kupanda juu. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wanaowapa leseni ni Benki Kuu, ambayo ina tawi hapahapa Mbeya. Kama mkopo ni wa SACCOS, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lakini mahali pa kwanza pa kulalamika ni kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, na huko juu watakuuliza kama ulishafanya hivyo na ulijibiwa nini.

Jambo moja nililomsisitizia: asiache kulipa wakati barua inashughulikiwa. Alitaka kusimamisha marejesho mpaka wajibu, na ninaelewa hasira yake. Ila rejesho lililochelewa huleta faini mpya, huwafikia wadhamini, na humfanya yeye ndiye aliyevunja mkataba. Alilipa 680,000 ya Machi, yaani rejesho la tano, kwa wakati, na kwenye barua tukaandika kwamba ziada yoyote ihesabiwe kupunguza deni la msingi.

Kampuni ilijibu kwa kumwita. Hawakubishana juu ya hesabu. Mtu wa makao makuu aliyepigiwa simu alisoma kifungu mwenyewe. Walichopendekeza kwanza kilikuwa kubadilisha maneno ya mkataba yafanane na jedwali, mama asaini kiambatanisho. Alikataa, na alifanya vema. Kiambatanisho cha namna hiyo kingehalalisha ile 5.08 iliyokuwa inatozwa bila kuandikwa, kuanzia siku ile na pengine kurudi nyuma. Ukiletewa karatasi ya "marekebisho" baada ya kulalamika, soma ni upande gani unaorekebishwa.

Mwishowe walikubali kutoa jedwali jipya. Kwa hesabu yetu, rejesho hilo la tano lilipoingia, salio lilikuwa 3,345,432, na miezi iliyobaki ni saba. Kwa asilimia 3 ya salio, rejesho jipya linapaswa kuwa karibu 536,963. Jedwali lao lilipotoka, safari hii likiwa na safu zote, liliandika 537,000, limezungushwa kwenda elfu, faini ikiwa imefutwa. Tulilipima palepale mezani kwao. Mstari wa kwanza ulikuwa na riba ya 100,363, ambayo ni asilimia 3 ya 3,345,432. Mstari wa pili ulikuwa na salio la 2,908,795 na riba ya 87,264. Mama alipiga mwenyewe kwenye simu yake, 2,908,795 mara 0.03, akasoma jibu kwa sauti, akatia tiki kwenye mstari huo kwa kalamu, ndipo akasaini.